Unameza warfarini na unatumia dawa za asili: hatua kwa hatua, namna ya kujikagua na kujilinda

Kliniki za moyo kuna swali moja linaloulizwa kila siku, na jibu lake karibu kila siku ni lile lile. "Kuna dawa nyingine unayotumia?" "Hapana daktari, ni hizi tu." Kisha majibu ya INR, kipimo kinachopanda kadiri damu inavyochelewa kuganda, yanatoka 1.6, wakati mwezi uliopita yalikuwa 2.8. Ukimdodosa mgonjwa taratibu, ndipo yanapoibuka: unga wa mlonge kwenye uji, maji ya manjano na tangawizi kila asubuhi, habasoda kijiko kimoja kabla ya kulala.

Mgonjwa hakudanganya. Kwake mlonge si dawa, ni lishe. Lakini warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, haijui tofauti hiyo, ndiyo maana watu wanaomeza vidonge vyao bila kukosa siku hata moja bado wanaishia kupata kiharusi au kutokwa damu.

Mwongozo huu ni kwa anayemeza warfarini: mwenye valvu ya bandia, mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au aliyewahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu. Dawa nyingine za moyo nimezigusa katika hatua ya 5.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu. Karatasi moja moja hupotea.
- Kadi ya kliniki yenye majibu yako matatu ya mwisho ya INR na dozi uliyokuwa ukimeza kila mara.
- Pakiti za dawa zako zote za hospitali, hata zile unazomeza "ikibidi tu".
- Dawa zote za asili zilizomo nyumbani, pamoja na chupa, mfuko au gazeti zilizofungiwa.
- Kijiko cha chai, cha kupimia unga.
- Namba ya simu ya kliniki au ya mfamasia wako.

Angalia pia kiwango ulichopangiwa cha INR. Mtu asiyetumia warfarini huwa na INR ya karibu 1. Wagonjwa wengi wa warfarini hupangiwa kati ya 2 na 3. Wenye valvu ya chuma ya maitro, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, mara nyingi hupangiwa kati ya 2.5 na 3.5. Kama hukijui chako, uliza kabla ya kuendelea, kwa sababu bila kiwango hicho namba ya maabara haina maana kwako.

## Hatua ya 1: Weka kila kitu mezani

Usianze kwa kujiuliza "natumia dawa gani?" Swali hilo ndilo linalowapotosha wengi. Jiulize: tangu naamka hadi nalala, ni nini kinachoingia mwilini mwangu au kupakwa mwilini ambacho si chakula cha familia nzima?

Hapo vitatoka vingi. Mlonge, muarobaini, shubiri, sanamaki, habasoda, kitunguu saumu kinachotafunwa kikiwa kibichi, chai ya majani ya kijani, choya, vidonge vya lishe unavyouziwa na jirani kwa mtandao wa biashara. Dawa ya kuchua nayo iweke mezani. Zile zenye harufu kali, za kupambana na maumivu ya mgongo, huwa na methili salisilati, ndugu ya aspirini, na ikipakwa kwa wingi kila siku hupenya ngozi na kupandisha INR.

Kwa kila kimoja andika mambo manne: jina, sehemu ya mmea (jani, mzizi, gome au mbegu), kiasi kwa kijiko, na tarehe uliyoanza. Tarehe ndiyo ambayo watu huiruka, na ndiyo inayomsaidia daktari kuliko yote. Bila hiyo hawezi kujua kama INR ilibadilika kabla au baada ya dawa hiyo kuingia.

Kama ni mchanganyiko wa mganga, mwombe akutajie mimea iliyomo. Mganga anayejua kazi yake hutaja. Akikataa, andika "mchanganyiko usiojulikana", na uendelee kusoma hatua ya 2 kwa makini.

Umemaliza hatua hii pale mtu wa nyumbani kwako anapolisoma daftari na kukosa cha kuongeza. Mpe alisome kweli. Mara nyingi ni mke, mume au binti anayekumbuka ile chupa iliyo nyuma ya kabati.

## Hatua ya 2: Gawa katika mafungu matatu

Warfarini inafanya kazi kwa kuzuia ini lisitumie vitamini K, ambayo ini huihitaji ili kutengeneza baadhi ya vigandishi vya damu. Ukishajua hilo, mafungu yanajieleza.

Fungu la kwanza: vinavyopunguza nguvu ya warfarini. Hapa wamo majani ya kijani iliyokolea, kwa sababu yamejaa vitamini K. Gramu 100 za mchicha mbichi zina takriban maikrogramu 1,100 za vitamini K, wakati mwanamume mzima anakadiriwa kuhitaji 120 tu kwa siku na mwanamke 90. Kisamvu, matembele, majani ya maboga na sukuma wiki wako kundi hilo. Mlonge ni jani vilevile, tena likikaushwa na kusagwa kijiko kimoja hubeba majani mengi ambayo usingeyamaliza sahanini.

Mboga hizi hazijakatazwa. Wagonjwa wengi huambiwa mitaani waache mchicha kabisa, na huo ni ushauri mbaya. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinachokaribiana wiki hadi wiki. Anayekula mchicha mara nne kwa wiki aendelee hivyo hivyo, na dozi yake itapangwa kulingana na mlo wake.

Katika fungu hili umo pia mmea wa Ulaya unaoitwa St. John's wort, unaouzwa kwa vidonge vya kutuliza huzuni, pamoja na jinsengi. Ndugu walio ng'ambo huvituma nyumbani kwa nia njema.

Fungu la pili: vinavyoongeza hatari ya kutokwa damu. Kitunguu saumu, tangawizi, manjano na ginko. Zile punje mbili kwenye mchuzi na manjano ya kwenye pilau hazina tatizo. Hatari huanza pale kiungo kinapogeuzwa dozi: punje kadhaa mbichi kila alfajiri, au vidonge vya manjano vilivyokolezwa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Nyuzilandi ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa wa warfarini aliyeanza bidhaa yenye manjano kufikisha INR zaidi ya 10 ndani ya wiki chache.

Hapa pana mtego. Kitunguu saumu, kama aspirini, hudhoofisha chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, na INR haipimi chembe sahani. Unaweza kuwa na INR nzuri ya 2.7 huku fizi zinavuja damu. Kwa hiyo usiseme "INR yangu iko sawa, basi kitunguu saumu hakinidhuru".

Fungu la tatu: usichokijua. Michanganyiko ya unga, chupa zisizo na lebo, "dawa ya mifupa" inayomaliza maumivu ndani ya saa chache. Hilo la mwisho linanitia wasiwasi, na wewe likutie wasiwasi. Mitishamba mingi haifanyi kazi kwa kasi hiyo, na katika nchi nyingi maabara zimekuta unga wa "asili" uliochanganywa na dawa za hospitali kama diklofenaki au deksamethasoni. Diklofenaki pamoja na warfarini inaweza kukutoboa tumbo likavuja damu. Dalili nyingine za udanganyifu huo ni uso kuvimba na hamu ya kula kuongezeka ghafla. Kwa mgonjwa wa warfarini, fungu la tatu ni moja tu ambalo msimamo wangu haubadiliki: usilianze kamwe.

## Hatua ya 3: Piga simu kabla ya kuanza, na kabla ya kuacha

Kuanza bila kusema ni kosa ambalo watu wanalielewa. Kuacha bila kusema ndiko kunakowaangusha. Tuchukue mfano, nimeutunga lakini hatua zake ni zile zile zinazotokea kliniki.

Mama wa miaka 42 ana valvu ya chuma ya maitro. Anameza warfarini miligramu 5 kila jioni, yaani 35 kwa wiki, na INR yake ni 2.9. Shoga yake anamletea kilo nzima ya unga wa mlonge, naye anaanza kutia vijiko viwili vilivyojaa kwenye uji wa asubuhi. Wiki tatu baadaye INR ni 1.7. Anaulizwa, anasema hakuna kilichobadilika. Daktari anapandisha dozi hadi miligramu 40 kwa wiki. INR inafika 2.1. Inapandishwa tena hadi 45, na sasa inasoma 2.8. Wote wanafurahi.

Kisha unga unaisha. Mama hanunui mwingine, maana shoga amesafiri. Anaendelea na miligramu 45, ambazo zilikuwa zinapigana na mlonge ambao haupo tena. Baada ya siku kumi anatokwa damu puani inayokataa kukatika, INR inasoma 5.8, analazwa.

Katika habari hiyo yote mlonge wenyewe haukumdhuru. Kilichomuumiza ni dozi iliyopangwa juu ya kitu ambacho kliniki haikukijua. Angesema mwanzoni, angeshauriwa aache mlonge na abaki na dozi yake ya 35. Angesema unga unaelekea kuisha, dozi ingeshushwa mapema.

Basi kama umekuwa ukitumia kitu cha fungu la kwanza kwa miezi na INR yako imetulia, usikitupe leo baada ya kusoma hapa. Piga simu au nenda, useme hivi:

"Natumia unga wa mlonge vijiko viwili kila asubuhi tangu tarehe 3 Machi. Nataka kuacha. INR yangu ya mwisho ilikuwa 2.8, dozi yangu ni miligramu 45 kwa wiki. Nije kupima lini?"

Sentensi hizo zinampa daktari kila anachohitaji. Kwa vitu vya fungu la pili na la tatu, piga siku hiyo hiyo. Mara nyingi utaambiwa uache mara moja na uje kupima.

Onyo: usijipandishie wala kujishushia warfarini mwenyewe, na usiache warfarini ili "kupisha" dawa ya asili ifanye kazi. Mwenye valvu ya chuma anayeacha warfarini anaweza kugandisha damu kwenye valvu na kufa.

## Hatua ya 4: Pima INR kwa wakati wake

Watu wengi hunywa kitu leo, hupima kesho, hukuta namba haijabadilika, na kusema "nimejaribu, hakina shida". Namba hiyo haikuwaambia lolote.

Warfarini haiondoi vigandishi vilivyokwisha kuwamo kwenye damu. Inazuia vipya visitengenezwe vyema, na vya zamani vinaisha polepole. Kimoja kikuu, prothrombini, huchukua zaidi ya siku mbili kupungua kwa nusu. Kwa hiyo badiliko lolote la leo huanza kuonekana baada ya siku mbili au tatu, na hukamilika baada ya wiki moja hivi. Mimea inayobadilisha vimeng'enya vya ini huchukua muda mrefu zaidi.

Ratiba ya kupendekeza kliniki yako ni hii. Pima kabla ya badiliko, ili uwe na pa kuanzia. Pima tena siku ya 5 hadi ya 7. Kisha kila wiki mpaka upate majibu mawili mfululizo yaliyo ndani ya kiwango chako. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukiacha manjano na kuanza habasoda wiki moja, hakuna atakayejua kipi kimefanya nini.

Kuna kitu kimoja kinachovuruga hesabu hizi zote: ugonjwa wa ghafla. Ukiugua, ukaharisha, ukashindwa kula, au ukapewa metronidazoli, septrini au flukonazoli, INR inaweza kupanda sana bila mtishamba wowote. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha kwa nguvu. Siku hizo usianze kitu kipya, na upime mapema.

Mafanikio ya hatua hii yanaonekana kwenye daftari: majibu matatu au manne yaliyoandikwa pamoja na tarehe na dozi, yote ndani ya kiwango, huku dozi ikiwa haijaguswa.

## Hatua ya 5: Kagua dawa nyingine za moyo

Wengi wanaomeza warfarini wana digoksini, furosemaidi au dawa za presha kwenye mfuko huo huo. Kwa hizi mchawi mkubwa si vitamini K, ni potasiamu, madini yanayoendesha umeme wa moyo.

Digoksini na dawa za kuharisha. Sanamaki na shubiri hutumika sana kusafisha tumbo, hasa pwani. Ukiharisha mara kwa mara unapoteza potasiamu, na furosemaidi nayo inaitoa kwenye mkojo. Potasiamu ikishuka, dozi ile ile ya digoksini inakuwa sumu. Dalili za mwanzo ni kukosa hamu ya kula na kichefuchefu, halafu kuona vitu vina rangi ya njano au kijani, na mapigo ya moyo kwenda polepole au kurukaruka. Wengi hudhani kichefuchefu ni "tumbo chafu", wakaongeza sanamaki. Ukiona dalili hizo ukiwa kwenye digoksini, nenda hospitali kabla ya kumeza kidonge kinachofuata.

Spironolaktoni, enalaprili, losatani. Hizi hufanya potasiamu ibaki mwilini, kwa hiyo hatari yake ni potasiamu kuzidi. Dafu lina potasiamu nyingi, takriban miligramu 600 kwa kikombe. Dafu moja siku moja moja kwa mwenye figo nzima si neno. Madafu matatu kila siku kwa "kusafisha figo", kwa mtu mwenye figo dhaifu anayemeza dawa hizo, yanaweza kusimamisha moyo. Chumvi mbadala za wagonjwa wa presha nazo nyingi ni za potasiamu, kwa hiyo soma lebo.

Simvastatini na nifedipini. Adui yao ni balungi. Tunda hilo huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza dawa hizo, kwa hiyo dawa nyingi kupita kiasi huingia kwenye damu. Kutenganisha saa hakusaidii, maana athari yake hudumu zaidi ya siku moja. Kula chungwa la kawaida.

Choya na dawa za presha. Choya hushusha presha kidogo. Ukiinywa kwa wingi juu ya vidonge unaweza kupata kizunguzungu ukisimama. Pima presha ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama, uandike zote mbili.

## Hatua ya 6: Zijue ishara, na ujue kila moja inakupeleka wapi

Zipo zinazosubiri simu ya kesho asubuhi: fizi kutoa damu ukipiga mswaki, madoa ya bluu mwilini usiyokumbuka kuumia, hedhi nzito kuliko kawaida. Piga simu, upime INR siku hiyo.

Zipo zisizosubiri hata usiku mmoja: damu ya pua isiyokatika baada ya kubana dakika 15, kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, maumivu makali ya kichwa ya ghafla, au kuanguka na kugonga kichwa hata kama huoni jeraha. Nenda hospitali na daftari lako. Usijitibu kwa kula sahani kubwa ya mchicha ili "kugandisha". Hospitali ina vitamini K yenye kipimo, na dozi yake lazima ipangwe, hasa kwa mwenye valvu.

Upande wa pili, damu inapoganda kupita kiasi: mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, kushindwa kutamka, kukosa pumzi ghafla. Mwenye valvu ya chuma ana ishara moja ya ziada. Usiku kukiwa kimya wengi husikia valvu yao ikigonga, tik, tik. Ule mlio ukififia au ukipotea wakati pumzi zinabana, hiyo ni dharura.

## Hatua ya 7: Kabla ya kuumikwa, kuchanjwa chale au kung'olewa jino

Hijama, kuumika na chale huacha ngozi imekatwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na kwenye warfarini majeraha hayo yanaweza kuvuja kwa saa kadhaa. Kwa mwenye valvu ya bandia kuna hatari nyingine isiyoonekana: vijidudu kuingia kwenye damu na kushambulia valvu. Ushauri wangu ni kuyaacha yote matatu muda wote unaomeza warfarini.

Kung'oa jino kunawezekana, tena mara nyingi bila kusimamisha warfarini, ikiwa INR imepimwa siku moja au mbili kabla. Mwambie daktari wa meno mambo mawili kabla hujakaa kwenye kiti: kwamba unameza warfarini, na kwamba una valvu ya bandia, maana mwenye valvu huhitaji antibiotiki kabla ya jino kutolewa. Mwonyeshe na lile daftari. Kama umekuwa ukitafuna kitunguu saumu au kunywa manjano kila siku, hilo linaweza kuamua kama jino litatolewa siku hiyo au utarudi wiki inayofuata. Kwa maumivu ya baadaye omba parasetamoli kwa dozi ya kawaida na kwa siku chache. Ikizidi wiki, hata yenyewe hupandisha INR. Usipokee ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini kutoka dirisha lolote, isipokuwa daktari wako wa moyo ndiye aliyekuandikia aspirini.